Taksonomia ya migomba ya Karagwe na Kyerwa

Taksonomia hupanga viumbe katika makundi yanayoingiana: familia hubeba jenasi, na jenasi hubeba spishi. Migomba ya Karagwe na Kyerwa ni ya familia Musaceae, jenasi Musa, lakini kwenye spishi mpangilio hukwama. Linnaeus aliipa migomba ya kulimwa majina ya spishi. Baadaye ikabainika kwamba mingi ni chotara au uzao wa spishi mbili za mwituni, Musa acuminata na Musa balbisiana.

Mwaka 1955 watafiti Simmonds na Shepherd walipendekeza sifa 15 za kupimia mgomba unakaribia spishi ipi kati ya hizo, kila moja alama 1 hadi 5. Acuminata halisi hupata 15, balbisiana 75. Mfereji wa kikonyo cha jani, kwa mfano, huwa wazi kwa ya kwanza na hufungika kwa ya pili. Migomba ya matoke huangukia upande wa acuminata, na kwa kuwa ina seti tatu za kromosomu huandikwa AAA.

Chini ya hapo wakulima hutenganisha ndizi za kupika na za pombe kwa ladha, ingawa vinasaba vyake vinakaribiana mno. Mpaka huo ni wa matumizi, na shambani ndio unaofaa zaidi.