Adabu Katika Kibanda cha Baba Yaga

Katika ngano za Kirusi alizochapisha Aleksandr Afanasyev kati ya 1855 na 1863, ajuza wa msituni aitwaye Baba Yaga hukaa katika kibanda kilichosimama juu ya miguu ya kuku. Mara nyingi kibanda hakigeuki mpaka mgeni akiamuru kiupe msitu mgongo na kumwelekezea yeye mlango. Kwa kuwa wengi wanaoingia humo huliwa, ni rahisi kudhani kwamba anayesalimika ni yule mpole na mtiifu. Mimi naona kinachopimwa ni kingine: kama mgeni anajua nani anamdai nani.

Ushahidi mzuri uko katika ngano fupi ya msichana anayetumwa na mama wa kambo kwa Baba Yaga, akaazime sindano na uzi. Kwanza anapitia kwa shangazi yake, naye anamfundisha la kufanya. Hivyo, ajuza anapoamuru maji ya kuoga yachemshwe ili apate kumla, msichana anampa mjakazi kitambaa na kumwomba azimezime moto. Paka anapewa nyama, mbwa mkate, bawaba za lango mafuta, na mbetula utepe. Wote wanamwacha apite, na paka anampa taulo na kitana vinavyogeuka mto na msitu nyuma yake. Ajuza anapowakaripia, wanamjibu kwamba wamemtumikia miaka yote bila kupata hata ukoko. Aliyefeli mtihani, basi, ni mwenye nyumba.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mashujaa wa kiume wana ufidhuli. Ajuza akiwauliza waendako, humkemea kwamba hajawalisha, hajawanywesha wala kuwapeleka kuoga, na tayari anahoji. Lakini huko ni kudai haki ya mgeni, na ajuza hutii. Pingamizi zito zaidi linatokana na mtafiti wa ngano Vladimir Propp, ambaye katika kitabu chake cha 1946 alikiona kibanda kama mlango wa nchi ya wafu na kumbukumbu ya jando za kale. Huenda hilo linaeleza kwa nini kibanda kiko mpakani mwa msitu. Halielezi kwa nini bawaba zipakwe mafuta.

Vasilisa, msichana wa ngano nyingine, ndiye anayeonekana kunipinga, kwa kuwa anafagia, anapika na kuchambua nafaka bila kunung'unika. Ila kazi hizo kwa sehemu kubwa hufanywa na mwanasesere aliyeachiwa na marehemu mama yake. Ajuza anamsifu kwa jambo jingine: ameuliza juu ya wapanda farasi watatu aliowaona nje, akanyamaza kuhusu ya ndani. Kisha, aliposikia kwamba msichana anasaidiwa na baraka za mama, akamsukuma nje ya lango na kumkabidhi fuvu lenye macho ya moto, ule mwanga aliotumwa kuutafuta.