Kutafsiri karatasi ya kuhakikisha komande: mustari kwa mustari

Wachuuzi wengi wa Butembo na Beni wanatoa mali Kampala. Komande inaenda kwa simu, kwa Kiswahili ao Kifaransa. Kisha siku moja ao mbili, muuzishaji anatuma karatasi ya kuhakikisha, na ile karatasi iko kwa Kiingereza. Hapo mchuuzi anatafuta mtu wa kumusomea: mtoto mwenye alisoma Uganda, deklara, ao mtafsiri wa kulipwa.

Mara nyingi mwenye kusoma anaangalia jumla tu. Anapiga hesabu, anaona iko sawa, anasema: «Mama, lipa.» Lakini hesabu inaweza kuwa sawa na komande isiwe ile yenye uliomba. Mfano huu unaonyesha namna gani.

Komande na jibu lake

Mchuuzi wa Butembo aliomba vitu vitatu: karto 100 za mafuta ya kupikia, kila karto chupa 12 za lita moja, karto 80 za sabuni, kila karto vipande 10 vya kilo moja, na duzene 200 za kaye za wanafunzi. Juu ya malipo, alisema atatoa avansi ya 30%, na yenye kubakia atailipa mali ikifika kwenye depo yake Butembo.

Jibu lilifika kwa telefone hivi, bei zote kwa dola:

```
1. Cooking oil    100 ctn (12 x 900 ml)  @ 16.50  1,650.00
2. Bar soap 1 kg   80 ctn (10 pcs)       @  9.20    736.00
3. Exercise books 200 pkt (10 pcs)       @  2.40    480.00
   TOTAL                                          2,866.00
30% deposit. Balance before loading. Ex-warehouse Kampala.
```

Ukizidisha kila mustari, hesabu ni sahihi. Ukijumlisha, inatoa dola 2 866, hakuna kosa. Lakini kuko mambo matatu yenye hayapatane na komande, na hakuna moja yenye utaona kwenye jumla.

Kwanza, nambari zenyewe

Kwa shule zetu, koma inatenga dola na senti, na nukta inatenga elfu. Kampala ni kinyume: koma ni ya elfu, nukta ni ya senti. Kwa hiyo 1,650.00 ni dola elfu moja mia sita na makumi tano. Hatari kubwa iko wakati nambari inasimama peke yake. Mutu wa Butembo akiandika «2.500 kg» juu ya kusema kilo elfu mbili mia tano, mutu wa Kampala anaweza kusoma kilo mbili na nusu.

Mtafsiri mwangalifu anaacha nafasi wazi pahali pa elfu, kama 1 650, na kwa jumla anaandika nambari kwa maneno pia. Tena hasahihishi nambari ya mwenzake. Akiona kosa, analiandika pembeni, tafsiri inabaki kama karatasi inavyosema.

Pili, ukubwa wa kipimo

Mustari wa mafuta ndio wenye kudanganya sana. Karto ni 100, chupa ni 12, bei ni ile walisikilizana. Lakini chupa ni ya mililita 900, haiko lita moja. Karto 100 zinatoa chupa 1 200, na kila chupa inapunguka mililita 100. Kwa jumla lita 120 hazipo. Dola 16.50 zilikuwa za kulipa lita 12. Sasa zinalipa lita 10.8 tu. Bei ya karto haikupanda, lakini bei ya lita imepanda.

Juu ya hiyo, mtafsiri asiandike «karto 100 za mafuta» na kunyamaza. Aandike ngazi zote tatu: karto ngapi, chupa ngapi ndani, chupa moja iko na kiasi gani.

Mustari wa sabuni uko sawa na komande. Ule wa kaye hauko. Alama «pkt» ni pakiti, na mabano yanasema vipande 10. Mtafsiri mwenye mazoea ya soko la Butembo anaweza kuandika «duzene» bila kufikiri, juu kaye zinauzishwa kwa duzene. Pale kosa linakuwa lake. Mchuuzi alingojea kaye 2 400. Zitafika 2 000. Akiwa amekwisha kupanga bei ya kuuzisha kwa senti 20 za kununua kila kaye, atakuta kila moja ilimugarimu senti 24.

Njia ya kuhakikisha ni nyepesi: shusha kila mustari mpaka kwenye kipimo cha mwisho. Mafuta kwa lita, sabuni kwa kilo, kaye kwa moja moja. Kisha gawanya bei ya mustari kwa ile hesabu, na linganisha na komande.

Tatu, mustari wa malipo

Maneno ya chini ni machache, lakini ndio yenye kubeba makuta mengi. Avansi ya 30% ni dola 859.80, na juu yake pande mbili zinapatana. Neno lenye kufuata ni «balance». Mwenye kujua Kifaransa anaweza kuwaza balansi, mzani, na kusema mali itapimwa kabla ya kupakia. Sivyo. Hapa maana yake ni deni lenye kubakia, dola 2 006.20, na karatasi inasema lilipwe mbele ya kupakia, kule Kampala. Mchuuzi yeye alisema atalipa mali ikifika Butembo. Akikubali hivi, atakuwa amelipa yote mbele ya kuona hata chupa moja.

«Ex-warehouse» inaongeza jambo lingine: bei inaishia kwenye mlango wa depo ya Kampala. Kamio, kupakia, dwane ya Kasindi, na mali yenye kuharibika njiani, vyote viko juu ya mnunuzi. Tafsiri isiseme tu «kutoka depo». Iseme nani analipa nini kuanzia pale.

Jibu la kutuma

Mtafsiri hachague kwa niaba ya mchuuzi. Anamupa tafsiri nzima, na karatasi ya pembeni yenye mambo matatu: chupa za 900, pakiti za 10, pahali na wakati wa kulipa deni. Mchuuzi ndiye anaamua. Anaweza kukubali chupa ndogo kama bei inashuka kufika 14.85, juu hiyo ndiyo bei yenye kulingana na lita zake. Kaye, ataomba pakiti 240 kwa dola 2 kila moja, hesabu irudi 2 400 na bei ibaki dola 480.

Jibu liende kwa maandishi, likitaja nambari ya kila mustari, na kuomba karatasi mpya. Ujumbe wa sauti hautoshe: kama kuna bishano, kila upande utaonyesha karatasi, na ya kwanza bado inasema 900 ml. Avansi ingojee karatasi mpya. Mwenye kutuma dola 859.80 akiwa na karatasi ya zamani mkononi, ni vigumu kisha kusema hakuikubali.