Bomba la fosfeti: kwa nini halifai kwa mtoto mdogo wala mgonjwa wa figo

Msikilizaji, katika kipindi chetu cha afya bibi mmoja wa Sindeni alitupigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba alisema mjukuu wake, wa mwaka mmoja na miezi miwili, ana siku nne hajapata choo na analia akijikamua. Jirani yake alikuwa na chupa ya bomba iliyobaki, ambayo mume wake aliandikiwa alipokuwa amelazwa. Bibi aliuliza, "Wanangu, nimpige nusu au nimpige yote?"

Tulimwomba asimpige hata tone, ampeleke mtoto zahanati. Muda wa kipindi haukutosha kueleza sababu, na baada ya hapo tumepokea ujumbe mwingi unaouliza jambo hilohilo, kwa hiyo tunaliandika hapa kwa kirefu.

Bomba tunalozungumzia ni ile chupa ndogo ya plastiki laini yenye ncha ndefu, inayoingizwa kwenye njia ya haja kubwa na kuminywa. Hospitali huiita enema. Zipo enema za aina nyingi, lakini inayouzwa sana katika chupa ya namna hiyo ina chumvi ya sodiamu fosfeti. Ukitazama boksi lake utaona neno la Kiingereza linaloanza na herufi P, H, O, S. Hilo ndilo neno la kutafuta.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Kila mama anajua kwamba ukinyunyizia chumvi kwenye mchicha uliokatwa, baada ya muda utakuta maji chini ya bakuli. Chumvi ya fosfeti nayo huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza kwenye utumbo mpana. Choo kinalainika, utumbo unajaa, na mtu mzima mwenye afya huhisi haja ndani ya dakika chache. Akienda chooni, sehemu kubwa ya dawa hutoka pamoja na choo, na mambo huishia hapo.

Hatari iko kwenye ile dawa isiyotoka. Inayobaki ndani hunyonywa na ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, na njia kubwa ya kuiondoa huko ni figo kuichuja na kuitoa kwenye mkojo. Basi maswali ni mawili: dawa imetoka yote? Na figo zinaweza kuiondoa iliyobaki? Kwa mtoto mdogo na kwa mgonjwa wa figo, majibu ya maswali hayo huwa mabaya.

Tuchukue mfano wa yule mjukuu, na tuseme bibi angempiga ile chupa yote. Chupa ya mtu mzima hutoa mililita 118 hivi za dawa, ambazo ndani yake zina karibu gramu 5 za fosforasi. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.7 tu kwa siku nzima, kutoka kwenye chakula chake chote. Mtoto wa umri huo anahitaji chini ya gramu 0.5. Kwa hiyo kwa kuminya mara moja angepewa fosforasi zaidi ya mara kumi ya anayohitaji kwa siku, na mwili wenyewe una kilo tisa au kumi. Hata nusu ya chupa ingekuwa nyingi mno.

Tena mtoto aliyefunga choo siku nne ana choo kigumu kilichoziba njia. Dawa inaingia, inapita pembeni, inakwama nyuma ya kile choo. Bibi anasubiri, hakuna kinachotoka. Sasa anadhani dawa ni hafifu, anatafuta chupa ya pili. Hapo ndipo maafa mengi huanzia. Dawa isiporudi, maana yake inaendelea kuingia kwenye damu, na chupa ya pili inaongeza mzigo juu ya mzigo.

Ndani ya damu, fosfeti ikizidi hukamatana na kalsiamu. Kalsiamu tumeizoea kama madini ya mifupa na meno, lakini ile inayozunguka kwenye damu ndiyo inayoiwezesha misuli kukaza na kulegea vizuri, pamoja na msuli wa moyo. Fosfeti ikipanda, kalsiamu hushuka. Mtoto huanza kutetemeka, vidole hujikunja na kukakamaa, kisha inaweza kuja degedege. Moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida, na huo ndio mwisho tunaouogopa. Wakati huohuo maji mengi yamevutwa kwenye utumbo na sodiamu imepanda kwenye damu, hivyo mtoto anakuwa na kiu kali, mdomo mkavu, macho yameingia ndani, amelegea, hakojoi. Haya yote yanaweza kutokea ndani ya saa chache.

Tunaomba hapa msome taratibu. Huku kwetu mtoto akipata degedege, kitu cha kwanza kinachofikiriwa ni malaria, na ni sahihi kumpima. Wengine hufikiria mambo ya mashetani. Lakini kama hakuna aliyemwambia daktari kwamba mtoto alipigwa bomba asubuhi, si rahisi mtu kufikiria kupima kalsiamu na fosfeti. Mara nyingine mzazi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Bora ugombezwe. Chukua boksi na chupa, hata kama ni tupu, uende navyo. Sema ilikuwa saa ngapi, ulimpa kiasi gani, na kama kilitoka kitu au hakikutoka. Maneno hayo yanaweza kumwokoa mtoto kabla hata ya vipimo.

Kama umeshampa na hakijatoka kitu ndani ya nusu saa, usingoje dalili. Usiongeze nyingine, usimpe dawa ya kienyeji ya kuharisha, mwendee mtaalamu mara moja. Anayenyonya na yuko macho aendelee kunyonyeshwa njiani. Kwa mtu wa Sindeni, ukifika zahanati uombe rufaa mapema ya hospitali ya Handeni au Magunga pale Korogwe, kwa sababu tiba yake inataka dripu, kalsiamu inayoingizwa polepole kwenye mshipa, na mashine ya kuangalia mapigo ya moyo. Wengine huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, huduma ambayo hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam wanayo. Kutoka kwetu hadi huko ni safari ndefu, na fosfeti haingoji basi.

Sasa tuje kwa wazee na wagonjwa wa figo. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali moja kubwa nchini Israeli waliandika habari za wagonjwa wao 11, wengi wao wazee, waliopewa enema za fosfeti kwa sababu ya kufunga choo. Baadhi walipewa kipimo cha kawaida tu. Ndani ya saa 24 presha zilishuka, fosfeti ilipanda sana, kalsiamu ikaanguka, figo zikashindwa. Watano walikufa. Hospitali ile iliwafundisha wafanyakazi wake, na matumizi ya enema hizo yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Januari 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani nayo ilitoa onyo baada ya kukusanya taarifa 54 za madhara makubwa ya dawa za sodiamu fosfeti, za kunywa na za kupiga. Waliokufa walikuwa 13, mmoja wao mtoto. Wengi wa walioumia walikuwa wamepewa kipimo kilichozidi, au zaidi ya mara moja kwa siku.

Mgonjwa wa figo, hata akipata choo vizuri, ile sehemu ndogo inayobaki haina pa kutokea, maana chujio lenyewe limechoka. Fosfeti inakaa kwenye damu, na pengine inaganda pamoja na kalsiamu ndani ya figo na kuziharibu zaidi. Tatizo la kwetu ni kwamba wengi hawajui kama figo zao ni wagonjwa. Kama una kisukari au presha ya miaka mingi, miguu inavimba, au umewahi kuambiwa mkojo wako una protini, jihesabu kwenye kundi la hatari mpaka upimwe. Mzee anayetumia dawa za kukojoa, baadhi ya dawa za presha, au dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, figo zake tayari zina kazi nzito. Mwenye moyo uliochoka pia asiguse bomba hili bila daktari.

Maelekezo ya watengenezaji yanasema asipewe kabisa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Kwa aliyezidi hapo kuna chupa ndogo ya watoto, na mwenye miaka miwili hadi minne hupewa nusu ya hiyo ndogo. Sisi tunasema hivi: mtoto yeyote, apewe kwa amri ya mtaalamu aliyemwona, na kwa mtu yeyote isizidi moja ndani ya saa 24. Mtoto ambaye tumbo limejaa na anatapika, au kichanga ambacho hakijatoa choo cha kwanza ndani ya siku mbili tangu kuzaliwa, huenda utumbo wake umeziba, na huyo ni wa hospitali moja kwa moja. Wala usibadilishe fosfeti kwa maji ya sabuni au majani yaliyochemshwa. Hayo nayo huunguza utumbo.

Kuna njia nyingine. Kwa mtoto, wataalamu huanza na dawa ya maji ya laktulosi ya kunywa, au kidonge kidogo cha gliserini cha kuingizwa nyuma. Kwa mtu mzima ipo pia bisakodili. Mgonjwa wa figo aulize kwanza, kwa sababu hata dawa za tumbo zenye magnesia hazimfai, na ule ushauri wa kunywa maji mengi na kula ndizi na machungwa unaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake hazitoi maji wala potasiamu.

Yule bibi alitupigia tena wiki iliyofuata. Zahanati waliona mtoto ameachishwa ziwa karibuni, anakula ugali mgumu na maziwa ya ng'ombe, na maji anapewa kidogo mno, maana kipindi kile maji yenyewe yalikuwa ya kununua kwa dumu. Alipewa laktulosi, akaongezewa maji ya kunywa yaliyochemshwa, uji mwepesi na papai. Siku ya pili alipata choo. Chupa, bibi alisema, alimrudishia jirani na kumwambia asimpige mzee nayo kabla hajauliza habari za figo zake.