Gemu inaganda? Soma net_graph kabla ya kulaumu mashine

Umelipia nusu saa kafe, umeingia Counter-Strike: Source (ile ya 2004), unapiga risasi lakini adui hafi. Kabla hujahama mashine na kumaliza hela, fungua konsoli kwa kitufe cha ~ (iruhusu kwanza kwenye mipangilio ya kibodi) kisha andika:

```
net_graph 3
```

Namba zitatokea chini kulia. Ping ni muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi. Mkicheza wenyewe kwa wenyewe humo kafe kupitia swichi, ping ni ndogo sana. Kama kafe inatumia dishi la setilaiti ile iliyosimama km 36,000 juu, kwenda na kurudi ni safari nne za kilomita hizo. Hapo mwanga wenyewe unakula milisekunde 480 hivi, kwa hiyo usihangaike na mipangilio, haitashuka chini ya hapo.

Kwenye mstari wa "in", ile namba yenye /s mwishoni ni taarifa ngapi unapokea kwa sekunde.

Sasa choke na loss, ambazo wengi wanazichanganya. Choke maana yake seva ina taarifa yako mkononi ila inaizuia, kwa sababu umefikisha kiwango cha baiti ulichoweka kwenye rate. Loss maana yake taarifa ilitumwa, ikapotea njiani.

Tuchukue mfano. Laini ya kafe ni kilobiti 256, yaani baiti 32,000 kwa sekunde. Mko wanane, wote mnacheza seva ya nje, kila mtu anapata 4,000. Wewe rate yako ni 4000 na umeomba taarifa 66. Kila taarifa ikiwa na baiti 160, unahitaji 10,560. Haiingii, choke inapanda.

Jamaa mmoja atakwambia weka rate 10000. Ukiweka wewe peke yako, choke inashuka ila unawala wenzako. Mkiweka wote wanane mnataka 80,000 kwenye laini ya 32,000. Foleni inajaa, ping inapanda, taarifa zinatupwa. Choke imepungua, loss imeingia. Hujaponya kitu!

Dawa ni kupunguza unachoomba:

```
rate 4000
cl_updaterate 20
```

20 mara 160 ni 3,200, na 800 zinabaki kwa ajili ya pale watu wanapokutana wengi, maana hapo taarifa zinanenepa. Seva nyingine zina kima chao cha chini, kwa hiyo angalia ile /s kama kweli imeshuka.

Ukifanya hivyo na loss bado ipo, tatizo ni waya, laini au mtu anayeshusha muvi pembeni. Hapo mwite mwenye kafe umwonyeshe namba, usibishane kwa maneno.

Ukikwama, dondosha namba zako hapo chini tuzisome pamoja.