Maandishi ya chini ya video: namna ya kuyapunguza bila kumpoteza msemaji

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa akirekodiwa kwa simu akizungumza Kinyambo, video yake husafiri. Hufika Bukoba, Mwanza, hata Dar es Salaam, kwa watu wasiojua Kinyambo. Ndiyo maana anayeituma huweka maneno ya Kiswahili chini ya picha. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu mtazamaji hulazimika kusoma huku akitazama picha. Ukiandika kila neno alilosema mzee, mtazamaji atakuwa bado katikati ya mstari wakati maandishi yanaondoka.

Katika mabanda ya video, mtafsiri huzungumza juu ya filamu, na akitaka huongeza na vichekesho vyake mwenyewe. Anayeandika hana nafasi hiyo. Ana mistari miwili tu, na muda ule ule anaoutumia msemaji.

Kipimo ni herufi kwa sekunde. Usihesabu maneno, maana neno moja la Kiswahili kama "aliyeninunulia" linabeba sentensi nzima. Kampuni kubwa za filamu za mtandaoni huruhusu herufi 17 kwa sekunde, au zaidi, kwa watu wazima. Watangazaji wa zamani wa televisheni huko Ulaya walifuata kanuni ya mistari miwili iliyojaa kwa sekunde sita, yaani kama herufi 12 kwa sekunde. Sisi tunashauri hiyo 12. Watazamaji wetu wanasoma kwenye kioo kidogo, mara nyingi juani, na macho yao yanataka pia kuona mkono wa mkulima unafanya nini. Nafasi na alama za uandishi zinahesabiwa, na mstari mmoja usizidi herufi 37 hivi.

Tuchukue mfano tuliotunga, unaohusu mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu huenezwa pia na panga lililokata mgomba mgonjwa, na njia mojawapo ya kulisafisha ni kulipitisha motoni. Mzee anasimulia kwa Kinyambo. Tukitafsiri kila neno, kwa sekunde saba za kwanza anasema hivi: "Huyu kijana wangu wa kwanza, unamjua, yule aliyewahi kufanya kazi Bukoba, alikuja na panga lake akaukata ule mgomba uliokuwa umenyauka." Hizo ni herufi 135. Sekunde saba mara 12 ni 84.

Cha kwanza kuondoka ni "unamjua". Ni neno la kushika mazungumzo tu, na sauti ya mzee inalibeba. "Wa kwanza" nalo liende, kwani kuzaliwa kwanza hakubadilishi kisa. Panga halihitaji kuandikwa hapa, maana mzee analo mkononi na litatajwa muda si mrefu. Wengi wangeifuta na Bukoba pia, wakiona ni habari ya pembeni. Subiri. Usipunguze mstari wa kwanza kabla hujasikiliza kisa mpaka mwisho, kwa kuwa kichekesho huwa kimepandwa mapema. Tunabaki na "Kijana wangu aliyekaa Bukoba / alikata mgomba ulionyauka," ambayo ni herufi 55 pamoja na nafasi ya kubadili mstari.

Sekunde tano zinazofuata anasema: "Halafu panga lile lile, bila kulipitisha hata kwenye moto kidogo, akaenda nalo moja kwa moja kwa mgomba mzima." Herufi 110, na nafasi ni 60. Hapa kuna hatari ya kweli. Ukiandika "kisha akakata mgomba mwingine", umetoshea vizuri sana, lakini umeua somo. Maneno yasiyoguswa ni "lile lile", "mzima" na moto. Ukiondoa moja kati ya hayo, mkulima wa mbali hatajua kosa lilikuwa wapi. Kwa hiyo: "akapeleka panga lile lile / kwa mzima bila kulichoma moto." Herufi 56.

Sasa kichekesho, sekunde saba: "Nikamwuliza, sasa wewe mtaalamu wa mjini, kijiko cha mtu anayeharisha utakipangusa tu kwenye shati ukampe mama mkwe?" Herufi 116 kwa nafasi ya 84. Anaposema shati, mzee anajipangusa kifuani kwa panga la kuigiza, na waliomzunguka wanaangua kicheko.

Mwandishi mwenye haraka ataandika: "Nikamwuliza kama angempa mama mkwe kijiko kichafu." Maana imo, lakini hakuna atakayecheka. Maneno ya mzee yamegeuzwa kuwa taarifa, kuhara kumegeuka uchafu wa kawaida, na yule mtaalamu wa mjini hayupo. Kumbuka Bukoba. Kejeli yote ni kwamba kijana aliyekaa mjini ndiye anayefundishwa usafi na mzee wa kijijini. Anayebaki mwisho wa sentensi ni mama mkwe, mtu ambaye kwetu hata kumsogelea ni kwa adabu, na lazima awe neno la mwisho kusomwa.

Shati tunaliacha, kwa kuwa mkono wa mzee unalisema. Kisha tunakata sehemu mbili:

```
3
00:00:12,000 --> 00:00:15,000
Nikamwuliza: "Mtaalamu wa mjini,

4
00:00:15,000 --> 00:00:19,000
kijiko cha anayeharisha
utampa mama mkwe?"
```

Sehemu ya kwanza ina herufi 32 kwa sekunde tatu, ya pili 42 kwa sekunde nne. Zote zimo ndani ya kipimo, lakini sababu kubwa ya kugawa si hesabu. Yote yakitokea pamoja, mtazamaji atamaliza kusoma kabla mzee hajafika kwa mama mkwe. Atacheka peke yake, halafu atashangaa kwa nini watu wa kwenye video wanacheka wakati yeye ameshamaliza. Kicheko cha msomaji kikutane na kicheko cha walio uwanjani. Ikiwa watu wanacheka kwa sekunde mbili bila mtu kusema kitu, acha maandishi yabaki humo humo. Usilete mstari mpya juu ya kicheko.

Faili la aina hii huhifadhiwa kwa mwisho wa `.srt`, na unaweza kuliandika kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida. Ukiwa na kompyuta, programu ya bure iitwayo `Subtitle Edit` hukuonyesha herufi kwa sekunde za kila kipande na kukupa alama pale ulipozidi. Kipimo hicho kitakuambia kama maandishi yanasomeka. Hakitakuambia kama moto umefutwa.

Kwa hilo unahitaji watu wawili. Mpe simu mtu asiyejua Kinyambo, aitazame mara moja tu bila kurudisha nyuma, kisha mwulize panga lilitakiwa kufanywa nini kabla ya mgomba mzima. Akisema "kuoshwa", au akinyamaza, rudi kwenye kipande cha pili. Mtu wa pili awe Mnyambo, atazame akiwa na sauti. Yeye anasikia kila ulichofuta, na atakuwa mkali pale ambapo jina alilolisikia halipo chini. Akisikia Bukoba na kuisoma, atayaamini na mengine. Akikuambia mzee amekuwa mpole mno kwenye maandishi, msikilize, maana hapo umepunguza ukali wa ulimi wake wakati ulidhani unapunguza herufi.