Alama Zinapotofautiana: Namna Mtumishi na Msimamizi Wanavyoweza Kufikia Alama ya Makubaliano

Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na ndipo mtumishi wa umma na msimamizi wake hukaa pamoja kupitia kazi za mwaka mzima. Utaratibu huu uliwekewa msingi na Waraka wa Utumishi Na. 2 wa mwaka 2004, ulioanzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliozoeleka kwa jina la MWAMTUKA au OPRAS. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na kutoa taarifa za utekelezaji, naye msimamizi huzipitia. Fomu imebadilika, ila mazungumzo ya watu wawili wasioona kazi moja kwa jicho moja yamebaki vilevile.

Fomu ya MWAMTUKA bado inafaa kurejewa kwa sababu ya safu zake tatu za alama: ya mtumishi, ya msimamizi na ya makubaliano. Alama 1 ilikuwa ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa. Safu ya tatu ndiyo iliyotumiwa vibaya zaidi. Katika fomu nyingi ilinakiliwa kutoka safu ya msimamizi, au ilipatikana kwa kugawanya tofauti katikati. Njia zote mbili huokoa muda, lakini hakuna hata moja inayoeleza kwa nini alama zilitofautiana.

Mfano wa kufikirika kutoka Kata ya Majimoto, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe mkoani Katavi, unaonyesha jambo hilo. Eneo hilo la Bonde la Rukwa hulima mpunga kwa wingi, na mvua za masika zikikolea baadhi ya njia za vijijini hazipitiki. Afisa ugani wa kata, mama mwenye miaka mingi kazini, alikubaliana na msimamizi wake kutoa mafunzo ya kilimo bora cha mpunga kwa wakulima 400 wa vijiji vinne ifikapo mwisho wa Mei. Mwezi Juni amejipa alama 2, yaani zaidi ya wastani. Msimamizi, kijana aliyehamia halmashauri hiyo miaka miwili iliyopita, amempa 4, yaani hafifu.

Kijana huyo ana mambo mawili ya kuangalia kabla ya kutaja alama yoyote. La kwanza ni heshima. Anayepimwa ni mkubwa wake kwa umri, hivyo kikao huanza na shikamoo na habari za nyumbani, mlango ukiwa umefungwa na simu zimezimwa. Kumpa mtu mzima alama ya chini mbele ya karani au wageni wa ofisi ni kumfedhehesha, na aliyefedheheshwa atatetea nafsi yake badala ya kueleza kazi yake. La pili ni namna ya kuuliza. Swali la “Mama, kwa nini umejipa 2?” lina harufu ya mashtaka. Afadhali aseme, “Mama, naomba unipitishe kwenye lengo hili. Ulihesabu nini ulipofikia alama hii?” Kisha anyamaze na kusikiliza hadi mwisho, na baada ya hapo aeleze na yeye alihesabu nini.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Afisa ugani anafungua daftari lake la mahudhurio lenye saini 340. Msimamizi ana taarifa mbili tu za robo mwaka zilizofika ofisini, zenye jumla ya wakulima 160. Mmoja alihesabu mafunzo yaliyofanyika, mwingine taarifa zilizopokelewa. Wangeweza kubishana kuhusu 2 na 4 hadi jioni bila kugundua kwamba kila mmoja anapima kitu chake.

Sasa wanaacha alama kando na kupitia daftari mstari kwa mstari. Wanakuta wakulima 50 wametia saini mara mbili, kwa kuwa walirudi katika mafunzo ya pili. Lengo lilitaja idadi ya wakulima, wala si idadi ya mahudhurio, hivyo waliofikiwa ni 290. Takwimu ya msimamizi imepanda kutoka 160, na ya mtumishi imeshuka kutoka 340. Kila mmoja amerekebishwa na ushahidi, na hakuna aliyeshindwa na mwenzake. Hilo hurahisisha sana hatua inayofuata.

Kinachobaki ni kilichokosekana: wakulima 110. Afisa ugani anaeleza kwamba kijiji cha nne hakikufikika mwezi Machi na Aprili kwa sababu ya mafuriko. Msimamizi hapaswi kulikataa jambo hilo wala kulipokea bila kuuliza. Je, mafunzo ya kijiji hicho yangeweza kufanyika mapema zaidi? Je, ofisi ilijulishwa njia ilipofungwa? Mapitio ya nusu mwaka, yanayofanyika kuelekea mwisho wa Desemba, ndiyo nafasi ya kurekebisha malengo. Hapa mafuriko yalikuja baada yake, kwa hiyo mtumishi halaumiwi kwa kutorekebisha lengo. Hata hivyo anakiri kwamba hakuandika barua wala kupiga simu, na kwamba taarifa ya robo ya tatu ilibaki kwenye daftari. Wanaandika alama ya makubaliano kuwa 3, na chini yake sentensi mbili za sababu.

Mtu wa nje anaweza kusema kwamba 3 ingepatikana tangu asubuhi kwa kugawanya katikati. Lengo la pili linaonyesha kwa nini hesabu hiyo haifai. Katika ukaguzi wa mashamba darasa mtumishi alijipa 3 na msimamizi 4. Vitabu vya wageni vya mashamba hayo vikaonyesha kwamba ziara zote zilizopangwa zilifanyika, na nyingine tatu za ziada baada ya wadudu kuonekana. Alama iliyostahili ilikuwa 2, nje kabisa ya zile mbili zilizoletwa mezani. Watumishi wanaojishusha wapo, hasa wale wanaoona kujisifu ni aibu, na msimamizi anayeangalia tu waliojipandisha atawapita.

Yapo makubaliano ya jina tu. Dalili yake ni safu ya tatu kufanana na safu ya msimamizi katika kila lengo, maoni ya aina ya “ajitahidi zaidi” yasiyotaja kazi yoyote, na mtumishi anayetia saini haraka bila kuuliza. Wakati mwingine ukimya huo hutafsiriwa kuwa utulivu. Malalamiko yake husikika baadaye, mbele ya watu wasiohusika.

Ikiwa hasira imepanda, kikao kiahirishwe hadi siku inayotajwa palepale, kila mmoja akijua ni karatasi gani atakuja nayo. Ikiwa ushahidi umepitiwa wote na bado hawakubaliani, tofauti iandikwe kama ilivyo. Fomu ya MWAMTUKA iliweka nafasi ya maoni ya mtumishi na ya jina la mwangalizi, endapo yupo. Mwangalizi afaaye ni mtu anayeifahamu kazi husika na asiye chini ya mmoja wao. Kazi yake ni kusikiliza hoja na ushahidi wa pande zote mbili. Hakuja kumsihi mdogo akubali yaishe.

Kwa afisa ugani wa Majimoto, lengo la mwaka mpya linaandikwa Julai kwa maneno mengine: wakulima 400 tofauti, kila mmoja akihesabiwa mara moja, kijiji chenye njia mbaya kikifundishwa kabla ya mwisho wa Novemba, na taarifa ya kila robo ikiingizwa kwenye mfumo ndani ya siku saba.