Irabu za puani na r ya Kifaransa

Sauti za Kifaransa zilifika Bagamoyo mwaka 1868 na mapadri wa Roho Mtakatifu. Mmoja wa mapadri wa shirika hilo waliofuata, Charles Sacleux, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa.

Msemaji wa pwani huikaribia r ya Kifaransa kupitia gh ya *ghali*. Ncha ya ulimi itulie nyuma ya meno ya chini, shina lirudi kidogo kuelekea kilimi. Tamka *gha, ghe, gho*, kisha *rat*. Baada ya t, kama katika *trois*, r husikika karibu na kh ya *kheri*. Anayetamka *ghali* kama “gali” aanze na gh kwanza.

Irabu za puani ni ngumu zaidi, kwa kuwa Mswahili huzifunga kwa ng' ya *ng'ombe*: *bon* huwa “bong'”. Refusha mwisho wa neno, kisha ubane pua. Sauti ikikatika kabisa, ulimi umeziba kinywa. Ikiendelea kwa mvumo wa mafua, umepatia. Rudia ukipokezanisha *beau* na *bon*. *Beau* haibadiliki pua ikibanwa.